Taarifa ya Kiwanda cha Nyanya: Mkulima Kwanza, Mgeni Rasmi Baadaye

*"Tunafungua kiwanda kidogo cha kusindika nyanya na mboga. Taarifa kwa vyombo vya habari tuiandikeje hata redio za hapa kwetu ziisome?"*

Anzeni na mkulima, mgeni rasmi mtamkuta mbele ya safari. Taarifa nyingi za ufunguzi hufunguka hivi: "Mkuu wa Wilaya leo amezindua rasmi kiwanda cha kisasa katika hafla iliyohudhuriwa na viongozi mbalimbali wa chama na serikali..." Mhariri wa redio ya wilayani anasoma mstari huo na bado hajajua amwambie nini msikilizaji wake, ambaye saa hiyo yuko shambani na simu mfukoni.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kiwanda kiko Ilula, wilayani Kilolo mkoani Iringa, kwenye barabara kuu ambako matenga ya nyanya hupangwa kando ya lami yakisubiri malori. Msikilizaji wa hapo ana maswali machache tu: mnanunua lini, kiasi gani, nyanya ya aina gani, na kwa kipimo kipi? Basi aya ya kwanza iwe hii:

"Wakulima wa nyanya wa Ilula wataanza kuuza mazao yao kwa kilo katika kiwanda kipya cha usindikaji kuanzia Jumatatu, tarehe 3 Agosti. Kiwanda kitapokea hadi tani 12 kwa siku, na mkulima atalipwa baada ya mzigo wake kupimwa kwenye mizani getini."

Neno "kwa kilo" halikuwekwa hapo kwa pambo. Sokoni nyanya huuzwa kwa tenga, na tenga la huyu si tenga la yule, hasa likijazwa lumbesa. Mkitangaza bei ya kilo peke yake, mkulima atailinganisha na bei ya tenga kwa kukisia, na simu za malalamiko zitaanza kabla kipindi hakijaisha. Pimeni matenga kumi ya sokoni kwenu, mtafute wastani, kisha muandike bei ya kilo na makadirio ya tenga sentensi moja.

Sehemu ya pili inayoharibika sana ni takwimu za uzalishaji. Nyanya mbichi ni maji kwa sehemu kubwa. Yabisi yake ni kama asilimia 5 hivi. Nyanya ya kopo iliyokolea hufika asilimia 30, kwa hiyo kilo 6 mbichi hutoa takriban kilo 1. Tani 12 zinazoingia getini ni tani 2 zinazotoka. Nani hajasikia kiwanda kikitangaza kwamba "kitazalisha tani 12", wakati hizo ni tani za kupokea? Andikeni namba zote mbili, na mseme wazi kama ni uwezo wa mitambo au kiasi mnachotarajia kuanza nacho. Mwandishi akirudi miezi sita baadaye akakuta mnapokea tani 4, hiyo nayo ni habari, na safari hiyo hamtaiandika ninyi.

Ajira vivyo hivyo: tenganisheni walioajiriwa kwa kudumu na vibarua wa msimu. Na kama maombi ya alama ya ubora ya TBS bado yanashughulikiwa, msiandike kwamba bidhaa "imethibitishwa".

Mgeni rasmi aingie aya ya tatu, kwa cheo na jina kamili. Msimwache kabisa, ofisi yake nayo itaisoma. Kisha nukuu moja ya meneja. "Tunayo furaha kubwa siku ya leo" hakuna atakayeirusha. Aseme jambo ambalo yeye ndiye mwenye kulijua: kwamba nyanya iliyoiva kupita kiasi lakini haijaoza wataipokea, ila yenye ukungu itarudishwa. Hiyo mkulima ataisikiliza hadi mwisho.

Urefu usizidi ukurasa mmoja. Mpeni mtu ambaye hakuiandika aisome kwa sauti. Anapokosa pumzi, katisheni sentensi hapo. Habari ya redio ya dakika moja haibebi zaidi ya maneno 120 hivi, kwa hiyo aya mbili za kwanza zijitosheleze zenyewe, maana huenda ndizo pekee zitakazosomwa.

Itumeni asubuhi ya tukio kwa barua pepe na kwa WhatsApp, maandishi yakiwa ndani ya ujumbe wenyewe. Karatasi iliyopigwa picha ikiwa na mhuri inapendeza ofisini, lakini mtangazaji hawezi kuinakili. Picha ya utepe unaokatwa mnaweza kuiambatisha. Ya nyanya zikimwagwa kwenye beseni la kuoshea ina nafasi kubwa zaidi ya kutumika.

Mwishoni wekeni namba ya simu ya mtu mmoja anayezijua bei na mwenye ruhusa ya kurekodiwa. Siku hiyo asipangiwe kazi ya kugawa soda kwa wageni, kwa sababu redio itapiga kutafuta sauti ya taarifa ya saa saba mchana, na isipopokelewa watasoma habari nyingine.