Mchicha Hauna Kosa, Tatizo Ni Mafuta

Sentensi ninayoisikia mno kwa wateja wangu ni hii: "Dokta, mimi nakula majani kama mbuzi na mwili uko palepale." Wanasema kweli, majani wanakula. Ila majani hayo yanaingia sufuriani pamoja na kitu kingine ambacho hawakihesabu.

Dhana: Mboga ni mboga, kula unavyotaka huwezi kunenepa

Tuchukue mfano wa dada anayepika mchicha wa watu wawili. Fungu la gramu 300 lina kalori kama 70 hivi. Kitunguu kimoja na nyanya mbili haziongezi hata 100, kwa hiyo sufuria nzima ina kalori 150 au pungufu kidogo. Kisha anamimina mafuta kwa kukadiria kwa jicho, na ukipima alichomimina unakuta ni vijiko vinne vya chakula. Kijiko kimoja kina kalori 120, hivyo vinne ni 480. Sufuria imefika 630, na kila sahani inabeba zaidi ya 300. Angetumia kijiko kimoja tu, sahani ingekuwa na 135.

Tofauti hiyo ni kalori 180 kwa sahani. Akila mboga hiyo mchana na usiku, ni 360 kwa siku. Mtu anayepunguza mwili kwa kiasi cha kawaida hulenga upungufu wa kalori 500 hivi kwa siku, kwa hiyo sehemu kubwa ya juhudi yake imeishia kwenye mafuta, wala hakushiba zaidi kwa sababu yake.

Shibe inayotoka kwenye mboga inatokana na ujazo. Maji na nyuzinyuzi zinatanua tumbo, na mishipa ya fahamu iliyo kwenye ukuta wake inapeleka taarifa kwenye ubongo. Mafuta yana kalori tisa kwa kila gramu na hayachukui nafasi yoyote ya maana. Kwa hiyo mchicha unaoelea mafuta unakushibisha karibu sawa na usio nayo, huku kalori zikiwa mara mbili na zaidi. Kisamvu cha tui zito na mchicha wa karanga viko kwenye kundi hilohilo: ni vyakula vizuri, lakini usivihesabu kama majani.

Kipimo ninachokipenda kuliko vyote ni chupa ya mafuta. Andika tarehe siku unayoifungua. Lita moja ina kalori zinazokaribia 8,300. Familia ya watu wanne ikiimaliza kwa wiki, kila mmoja amekula karibu kalori 300 za mafuta kila siku, kabla hujahesabu chapati wala chipsi za barabarani.

Siwaambii watu waache mafuta kabisa, kwa sababu mwili unayahitaji ili ufyonze vitamini A iliyomo kwenye mchicha. Pima kijiko kimoja, kaanga kitunguu kwa moto mdogo, tia nyanya na chumvi, funika mpaka zitoe maji yake, ndipo utie majani. Hayo maji ya nyanya ndiyo yatakayopika. Ukimaliza kula na chini ya sahani pakabaki kimiminika cha kung'aa, bado unazidisha.

Dhana: Nikiongeza mboga juu ya ugali wangu nitapungua

Hutapungua. Mboga inasaidia pale inapochukua nafasi ya kitu. Pakua mboga kwanza, ijaze nusu ya sahani, halafu ugali uingie kwenye nafasi iliyobaki. Anayepakua ugali kwanza hupakua wa kila siku.

Dhana: Juisi freshi ni matunda

Glasi moja ya juisi ya machungwa inakunywa matatu au manne, na unaimaliza kabla hujakaa vizuri. Nyuzinyuzi zimebaki kwenye chujio. Kula chungwa lenyewe, na nyama zake.

Dhana: Maharage yananenepesha

Hii inaniumiza, maana watu wanaacha chakula kinachoshibisha kwa bei nafuu kuliko karibu chochote sokoni. Kikombe cha maharage yaliyochemshwa kina kalori kama 220, na ndani yake kuna protini gramu 15 hivi pamoja na nyuzinyuzi nyingi. Yanayonenepesha ni yale yaliyoungwa kwa nazi nzito na kuliwa na mlima wa wali.

Wengine wanayakimbia kwa sababu ya gesi. Loweka usiku kucha, mwaga maji hayo, chemsha kwa maji mapya. Anza na nusu kikombe kwa siku, ongeza baada ya wiki moja, na kunywa maji ya kutosha, kwa sababu nyuzinyuzi nyingi bila maji huleta choo kigumu. Na kama unatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, usiongeze majani ya kijani ghafla kabla ya kuzungumza na daktari wako, kwa kuwa vitamini K iliyomo inapunguza nguvu ya dawa hiyo.