Je, wajua kwa nini namba iliyonakiliwa sawasawa huweza kuleta kosa kwenye hotuba?

Takwimu, tarehe na vyeo nimevitoa kwenye vyanzo vya kuaminika. Inakuwaje hotuba bado inakutwa na makosa, na rasimu inakaguliwaje kabla ya kusomwa?

Kwa sababu namba haisimami peke yake. Ndani ya sentensi hushikana na nomino, mwaka na mtendaji, na kosa hukaa mara nyingi pale inaposhikana, wala si kwenye namba yenyewe. Mwandishi anaponakili 200 na ikabaki 200, huridhika. Lakini 200 ya nini? Ya lini? Nani kaihesabu? Kwa hiyo anayekagua halinganishi namba na namba, bali dai zima na maneno ya chanzo.

Tuchukue aya moja ya rasimu iliyotungwa kwa ajili ya mfano huu, tuseme ni ya hotuba ya Siku ya Kiswahili Duniani ya mwaka 2026:

«Ndugu wageni waalikwa, leo tunatimiza miaka mitano tangu Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipotangaza, mwaka 2022, kuwa Julai 7 ni Siku ya Kiswahili Duniani. Tarehe hiyo inakumbuka uamuzi wa Rais Julius Nyerere wa Tanzania, ambaye Julai 7, 1954 alikitangaza Kiswahili kuwa chombo cha kupigania uhuru. Leo Kiswahili ni lugha mama ya watu milioni 200. Tunamshukuru Mkurugenzi Mkuu wa UNESCO, Bi. Audrey Azoulay.»

Inasomeka vizuri, na karibu kila kilichomo kina ukweli ndani yake. Ndiyo maana inapita mikononi mwa watu watatu bila mmoja wao kushtuka.

Kazi huanza kwa penseli. Chapisha rasimu ikiwa na nafasi pana kati ya mistari, kisha pigia mstari kila kitu kinachoweza kuwa kweli au uongo: namba, tarehe, jina, cheo, jina la taasisi, pamoja na maneno kama «wa kwanza», «pekee», «zaidi ya» na «tangu». Maneno haya madogo husahaulika kwa kuwa hayafanani na takwimu, ilhali «wa kwanza» ni dai zito kuliko tarakimu nyingi. Kila mstari upe namba ubavuni. Aya yetu fupi inatoa madai kumi na moja au kumi na mawili, kutegemea unavyoyagawa. Kwenye karatasi nyingine andika namba ya dai, chanzo, ukurasa au kifungu, siku ulipokisoma na jina la aliyekisoma. Bila safu ya ukurasa, «nimehakiki» haina maana, kwa sababu mtu wa pili hawezi kwenda moja kwa moja mahali ulipopaona.

Sasa sentensi ya kwanza. Aliyetangaza siku hii ni Mkutano Mkuu wa UNESCO, katika kikao chake cha 41 mjini Paris, Novemba 2021. Mwaka 2022 ndipo ilipoadhimishwa kwa mara ya kwanza. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa nalo lilipitisha azimio lake kuhusu siku hiyo, lakini ni mwaka 2024. Mwandishi alikuwa na matukio matatu ya kweli, akachukua chombo kutoka kwenye tukio la tatu, mwaka kutoka kwenye la pili, na kitenzi «kutangaza» kutoka kwenye la kwanza. Ukikagua kila kipande peke yake, vyote vinapita: Baraza Kuu lilihusika, 2022 ni mwaka wenye maana, tangazo lilikuwepo. Sentensi ndiyo inayoanguka. Dawa yake ni kukiuliza chanzo swali zima kwa pamoja: nani, alifanya nini, lini? Na chanzo hapa ni maandishi ya azimio lenyewe. Habari ya gazeti mara nyingi huandika «Umoja wa Mataifa» kwa kufupisha, kwa kuwa UNESCO ni shirika lake, na ufupisho huo ukishaingia kwenye hotuba hukua ukawa «Baraza Kuu».

«Miaka mitano» nayo ni mtego wa kuhesabu. Siku iliadhimishwa 2022, 2023, 2024, 2025 na sasa 2026, kwa hiyo haya ni maadhimisho ya tano. Lakini tangu maadhimisho ya kwanza imepita miaka minne. Tukihesabu tangu tangazo la Novemba 2021, Julai 2026 haijatimiza mitano. Neno «maadhimisho» na neno «miaka» hutofautiana kwa moja kila mara tukio la kwanza linapohesabiwa kuwa namba moja. Usitoe mwaka kutoka kwa mwaka ukaishia hapo. Andika miaka yote kwenye mstari, ihesabu kwa kidole, halafu uamue ni neno gani litumike. Ni kazi ya nusu dakika, na inazuia kosa linaloishia kuchapishwa kwenye bango.

Sentensi ya pili ina kosa gumu kuliko yote: cheo kilichorudishwa nyuma ya wakati wake. Tarehe ni sahihi. Julai 7, 1954 ndiyo siku TANU ilipoundwa, na UNESCO inaihusisha siku hiyo na chama hicho kukifanya Kiswahili chombo cha kupigania uhuru chini ya uongozi wa Nyerere. Lakini mwaka 1954 hapakuwa na nchi inayoitwa Tanzania. Tanganyika ilipata uhuru Desemba 9, 1961 na Nyerere akiwa Waziri Mkuu. Akawa Rais ilipokuwa jamhuri, Desemba 9, 1962. Muungano na Zanzibar ulikuja Aprili 26, 1964, na jina Tanzania likafuata baadaye mwaka huohuo. Neno «Rais» linateleza zaidi kwa kuwa mwaka 1954 Nyerere alikuwa rais kweli, ila wa TANU. Mkaguzi mwenye haraka atakuta «rais» kwenye chanzo, ataweka alama ya vema, na kosa litapita.

Kanuni ya vyeo ni hii: kila cheo kina tarehe mbili, ya kuanza na ya kumalizika, na tarehe ya tukio lazima iwe katikati yake. Kama haimo, una njia mbili safi. Andika cheo cha wakati ule: «Mwalimu Julius Nyerere, kiongozi wa TANU». Au onyesha kwamba cheo kilikuja baadaye: «Mwalimu Julius Nyerere, aliyekuja kuwa Rais wa kwanza wa Tanzania». Kwa maoni yangu ya pili inafaa zaidi jukwaani, kwa sababu msikilizaji anampata mtu anayemfahamu bila historia kupindishwa.

Kanuni hiyohiyo inaikamata sentensi ya mwisho. Audrey Azoulay alikuwa Mkurugenzi Mkuu wa UNESCO siku hii ilipotangazwa, lakini tangu Novemba 2025 nafasi hiyo imeshikwa na Khaled El-Enany. Kosa la namna hii karibu kila mara hutoka kwenye hotuba ya mwaka uliopita iliyofunguliwa na kuhifadhiwa kwa jina jipya. Ukijua rasimu imezaliwa hivyo, anza ukaguzi na aya za salamu na shukrani, maana ndizo zisizoguswa na mtu. Angalia pia jina la cheo chenyewe: UNESCO inaongozwa na Mkurugenzi Mkuu, Umoja wa Mataifa na Katibu Mkuu, na katika baadhi ya serikali Katibu Mkuu ni mtendaji wa wizara. Neno moja, ofisi tofauti kabisa. Vyeo vya walio ukumbini hukaguliwa mara ya mwisho asubuhi ya siku yenyewe, kwa kupiga simu kwenye ofisi ya mgeni, kwa sababu waliothibitisha kufika hutuma makaimu, na «Kaimu» au «Naibu» ndilo neno linalodondoka kwanza.

Imebaki milioni 200. UNESCO husema Kiswahili kina wazungumzaji zaidi ya milioni 200. Hao ni wazungumzaji wote, na wengi wao wamejifunza Kiswahili juu ya lugha nyingine ya nyumbani. «Lugha mama» imeingizwa na mwandishi aliyetaka sentensi nzito, na «zaidi ya» imetupwa. Tena hayo ni makadirio, hakuna aliyepita nyumba kwa nyumba katika nchi zote. Namba ya aina hii haisahihishwi kwa kuitafutia tarakimu kamili zaidi. Huachwa ilivyo na kutajiwa mwenyewe: «kwa mujibu wa UNESCO, wazungumzaji wa Kiswahili ni zaidi ya milioni 200». Chanzo kikitamkwa mdomoni, msikilizaji anajua uzito wa anachopewa.

Kwenye hotuba zenye asilimia, kosa linalofanana na hili ni kuchanganya asilimia na pointi za asilimia. Kitu kikipanda kutoka asilimia 40 hadi 50, kimeongezeka kwa pointi 10, ila ukilinganisha na kilipoanzia kimeongezeka kwa asilimia 25. Namba zote mbili ni sahihi, kila moja kwa neno lake. Weka rasimuni namba ya mwanzo na ya mwisho, na mtu yeyote ataweza kurudia hesabu.

Baada ya masahihisho aya inakuwa hivi:

«Ndugu wageni waalikwa, haya ni maadhimisho ya tano ya Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO Novemba 2021. Tarehe hii inakumbuka Julai 7, 1954, na harakati za TANU chini ya Mwalimu Julius Nyerere, aliyekuja kuwa Rais wa kwanza wa Tanzania, ambazo zilikifanya Kiswahili kuwa chombo cha kupigania uhuru. Kwa mujibu wa UNESCO, leo wazungumzaji wa Kiswahili ni zaidi ya milioni 200. Tunamshukuru Mkurugenzi Mkuu wa UNESCO, Bw. Khaled El-Enany.»

Hatua inayofuata inahitaji watu wawili. Mmoja anashika vyanzo, mwingine anasoma rasimu kwa sauti, polepole, akitamka hata tarakimu: «elfu moja mia tisa hamsini na nne». Mwenye vyanzo haangalii rasimu kabisa. Akiiangalia, jicho lake litaona linachotegemea kuona. Kusoma kwa sauti hufichua pia namba zisizotamkika. Msemaji akikutana na tarakimu nane mfululizo atababaika, kwa hiyo nakala ya msemaji iandikwe «karibu milioni kumi na saba» na nakala ya kuchapishwa ibaki na namba kamili. Nakala hizo mbili zilinganishwe, maana hapo ndipo zinapoanza kupishana.

Kisha rasimu ifungwe. Kila badiliko linaloingia baada ya hapo, hata la neno moja, lirudi kwa mkaguzi likiwa limewekewa rangi, na sentensi yake nzima ikaguliwe upya. «Lugha mama» inaweza kabisa kuingia saa nne usiku, kwa nia njema, kutoka kwa mtu aliyetaka tu sentensi isikike vizuri zaidi.