Uma kando ya sahani: kukadiria kiasi cha chakula kwa picha

Nina kisukari. Mtaalamu wa lishe anataka nimtumie picha ya sahani nikiwa nimeweka uma pembeni. Uma unamsaidia nini?

Picha haina kipimo. Sahani ndogo ikipigwa kwa karibu, na sahani kubwa ikipigwa kwa mbali, huonekana sawasawa. Uma wa mezani una urefu wa sentimita 18 hadi 21, na huo haubadiliki. Pima wako kwa rula mara moja, mwandikie urefu wake, kisha tumia huohuo kila siku.

Tuseme uma wako ni sentimita 19. Kwenye kioo cha simu unaonekana milimita 57, kwa hiyo milimita 3 za kioo ni sentimita 1 mezani. Sahani inaonekana milimita 78, basi kipenyo chake ni sentimita 26. Kilima cha wali kina upana wa milimita 36, yaani sentimita 12.

Nimejaribu, nikapata sahani ya sentimita 37! Nimekosea wapi?

Bila shaka uma uliulaza ukielekea mbele, kama tunavyoupanga tunapokula. Simu ikiinamishwa nyuzi 45, kitu kinachoelekea mbali na kamera hufupika na kuonekana kama asilimia 70 ya urefu wake. Uma ukifupika, kila kitu kingine kinahesabika kikubwa. Ulaze kutoka kushoto kwenda kulia, karibu na sahani. Sahani nayo ipime kushoto hadi kulia, kwa sababu kwenye picha ya mshazari duara huwa yai, na ni upana wa yai hilo tu unaosema kweli.

Siwezi kutumia mkono tu? Uma siku nyingine haupo.

Unaweza, mradi umeupima na umegusa meza. Watu wengi huushikilia hewani juu ya chakula, na hapo ndipo hesabu huharibika. Simu ikiwa sentimita 40 juu ya sahani na mkono ukielea sentimita 10 juu yake, mkono utaonekana mkubwa kwa theluthi moja, na upana wa chakula utausoma kama robo tatu ya ule halisi. Kosa hilo halibaki robo, maana ujazo una pande tatu: robo tatu, mara robo tatu, mara robo tatu, inakuwa chini ya nusu. Mtu amekula sahani nzima, picha inasema kala nusu.

Sahani yenyewe ni kipimo kizuri zaidi ikiwa kipenyo chake unakijua, kwa sababu chakula kimekaa juu yake. Usikisie. Ukidhani ni sentimita 28 kumbe ni 26, ujazo unazidi kwa karibu robo.

Upana nimeupata. Gramu zinatoka wapi?

Hapa ndipo pagumu, kwa kuwa kimo hakionekani kwenye picha ya kutoka juu. Piga mbili: moja ya juu kabisa kwa ajili ya upana, nyingine ya ubavuni, simu ikiwa chini karibu na usawa wa meza, kwa ajili ya kimo. Katika hiyo ya pili, kidole kilichosimama kando ya chakula kinatosha, kama unajua upana wake.

Turudi kwenye wali wetu. Upana sentimita 12, kimo tuseme 3. Kopo la upana na kimo hicho lingebeba mililita 340 hivi. Kilima cha mviringo hujaza takriban nusu yake, basi 170. Mililita 100 za wali uliopikwa zina uzito wa gramu 65 hadi 80, kutegemea ulivyoshindiliwa. Tukichukua 75, tunapata gramu 127 za wali, na wanga gramu 36 hivi, kwa kuwa wali mweupe una wanga kama gramu 28 katika kila gramu 100.

Sasa ongeza kimo kiwe sentimita 4. Wanga unafika 47 au 48. Sentimita moja tu, ambayo kwa jicho huioni, imeleta tofauti ya gramu 12. Anayejidunga insulini kwa kuhesabu wanga asiichukulie picha kama mizani.

Kuna njia ya kujua kadirio langu linapotoka?

Pakua chakula, piga picha, andika kadirio lako, halafu ndipo upime wali kwa mizani ya jikoni. Rudia siku nne au tano. Kama kila mara unapunguza, kwa mfano unasema 120 mizani inasema 160, una kosa la mwelekeo mmoja, na hilo hurekebishika. Mwambie mtaalamu wako. Likiyumba huku na huku, kagua kwanza kimo.

Bakuli, mchuzi na mafuta usivihangaikie kwa njia hii. Kina cha bakuli hakionekani, na kijiko cha mafuta kilichoingia kwenye wali hakina umbo la kupima. Hivyo viandike kwa maneno chini ya picha.