Bondi humfaa nani? Piga hesabu kabla meli haijatia nanga

Mimi ni wakala wa forodha Dar es Salaam. Mfanyabiashara wa Kariakoo akiniuliza kama mzigo wake uende bondi, yaani ghala la dhamana la forodha, au aulipie ushuru wote na kuutoa, nami humuuliza kwanza: utaisha baada ya miezi mingapi?

Mzigo ukiwa ghala la dhamana haulipiwi ushuru wala VAT. Unalipia fungu unalotoa, siku unapolitoa. Chukua mzigo wa shilingi milioni 100, nauli na bima ndani yake, ulio kwenye ushuru wa asilimia 25. Ushuru ni milioni 25. VAT ya asilimia 18 hupigwa juu ya milioni 125, ikawa milioni 22.5. Jumla milioni 47.5, tozo ndogo nimeziacha.

Tuseme anautoa kwa mafungu matano, moja kila mwezi, la kwanza siku ya kufika. Kila fungu hulipiwa milioni 9.5. Mwezi wa kwanza anabaki na milioni 38 mkononi, kisha 28.5, kisha 19, kisha 9.5. Zijumlishe: ni sawa na kushika milioni 95 kwa mwezi mmoja. Akiwa na mkopo wa riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi, ameokoa 1,425,000.

Sasa toa pango la ghala, gharama ya dhamana na malipo ya wakala, maana kila fungu lina kadhia yake. Yakifika laki tatu kwa mwezi, kwa miezi minne ni 1,200,000. Kimebaki 225,000 tu, na pilika zote zile! Lakini kama mtaji wake ukizunguka dukani humpa asilimia 4 kwa mwezi, milioni 95 zilezile zimemzalishia 3,800,000. Hapo namwambia aingie bondi bila kusita. Mzigo unaoisha wiki tatu, alipe autoe.

Mzigo wa kwenda Lubumbashi hauna mjadala: ukitoka bondi kuvuka mpaka, ushuru wa hapa haulipwi kabisa. Marejesho ya ushuru ni njia nyingine. Unalipa kwanza, unasafirisha, ndipo unadai, na dai lifike ndani ya miezi 12 tangu kusafirisha. Humfaa mwenye kiwanda aliyeagiza malighafi ikageuka bidhaa ya kuuza nje. Madai mengi niliyoona yakikwama yalikwamia hapa: kiwanda hakikuandika malighafi kiasi gani imeingia katika kila katoni iliyotoka. Fedha hiyo usiipangie matumizi mpaka iingie benki.

Bondi nayo ina kikomo. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki hutoa miezi sita, na mitatu zaidi kwa kibali; ukizidisha, mzigo huweza kupigwa mnada. Tena kiwango cha ushuru ni cha siku unapotoa mzigo kwa matumizi ya ndani, si cha siku ulipoingia ghalani. Fungu litakalovuka Julai 1 hulipa kiwango cha bajeti mpya, kikiwa kimepanda au kimeshuka.