Wakala wa Ajira au Utafute Mwenyewe? Hesabu ya Saa kwa Mwajiri Mdogo wa Mtwara

Mama mwenye kiwanda kidogo cha kubangua korosho akija kwenye dawati letu la ushauri na barua ya wakala wa ajira mkononi, swali lake la kwanza huwa moja: "Mwanangu, hii ada ya asilimia 12 ya mshahara wa mwaka si wizi?" Mimi humrudishia swali lingine: saa yako moja inauzwa shilingi ngapi? Wengi hucheka. Hakuna aliyewahi kuijumlisha, na bila kuijua hatuwezi kusema kama ada ni kubwa au ndogo.

Tuchukue mfano. Kiwanda kiko Mikindani, kina wafanyakazi 14, na kinatafuta watu wawili: mhasibu na fundi wa boila. Takwimu nitakazotumia ni za kufanyia hesabu tu. Weka zako mahali pake. Wanawake wa kubangua sitawagusa. Hao huletana wenyewe, na sijaona anayelipa wakala kwa kazi hiyo.

Kiwanda kikishalipia malighafi, mishahara na umeme, mwenye nacho hubaki na shilingi 4,000,000 kwa mwezi. Anafanya kazi siku 26, saa nane kila siku, jumla saa 208. Gawanya: saa moja ni kama 19,000. Si bei kamili, kwa sababu si kila saa yake inaingiza fedha, lakini inatosha kuanzia.

Sasa tuangalie mhasibu. Mshahara ni 900,000 kwa mwezi, yaani 10,800,000 kwa mwaka. Asilimia 12 ya hapo ni 1,296,000. Ongeza Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18, unafika karibu 1,530,000. Kodi hii husahaulika kwa sababu wakala hutaja ada bila kodi, na kiwanda ambacho hakijasajiliwa kwa kodi hiyo hakina pa kuidai irudi. Wakala wengine hutaja "mshahara wa mwezi mmoja". Hiyo ni asilimia 8.3 ya mwaka, kwa hiyo ukipata barua mbili zenye maneno tofauti, zigeuze zote ziwe shilingi ndipo uzilinganishe.

Akitafuta mwenyewe, atatumia fedha taslimu kama 180,000: tangazo la redio, vocha, nauli ya wasailiwa wanaotoka Masasi au Lindi mjini. Muda ndio mkubwa. Barua zikija 150, na kila moja akiipa dakika nne, saa kumi zimekwisha. Kupiga simu, kupanga siku, kuwasaili sita, kuwapa jaribio na kuwapigia wadhamini kunamaliza saa nyingine 20. Jumla saa 30, ambazo kwa 19,000 ni 570,000. Pamoja na fedha taslimu, kujitafutia kumemgharimu 750,000.

Hapa ndipo watu wengi hufunga daftari na kusema wakala ni ghali mara mbili. Wanaompenda wakala nao hukosea upande wa pili: wanadhani ukimlipa, saa zako zote 30 zinarudi. Hazirudi. Bado utakaa naye umweleze kazi ilivyo, utasoma wasifu wa watu watatu aliokuletea, utawasaili wewe, na mdhamini wa yule wa mwisho nakushauri umpigie mwenyewe. Saa kumi zinabaki kwako. Kwa hiyo umenunua saa 20 tu, si 30. Toa 180,000 ambazo hutazitumia, gawanya kinachobaki kwa 20, utaona kila saa umeinunua kwa 67,500. Swali basi ni hili: je, katika wiki hizo kuna saa zako 20 zenye thamani ya 67,500 kila moja? Mwezi wa tano, jibu kwa kiwanda chetu ni hapana. Oktoba, minada ikianza na mwenye kiwanda akiwa anahangaikia korosho ghafi ya kumtosha mwaka mzima, siku moja ya kutokuwepo inaweza kumgharimu kuliko ada yote. Ndiyo maana mimi huwaambia watafute mhasibu mapema, kabla msimu haujafika, ili wasilazimike kumlipa mtu kwa kuchelewa kwao.

Upande wa kufikia watu, mhasibu si adimu hapa. Taasisi ya Uhasibu Tanzania ina kampasi Mtwara, Chuo Kikuu Kishiriki cha Stella Maris kipo mjini, na tangazo likibandikwa sokoni asubuhi, jioni Chikongola yote wanalo. Wakala wa Dar es Salaam hatakuongezea mtu usiyeweza kumfikia. Anachoweza kukuongezea ni mchujo, na mchujo wa mhasibu unaweza kuufanya kwa meza moja. Andaa risiti 20 za kweli za kiwanda na taarifa ya benki ya mwezi huo. Moja ya risiti itoe nakala uiweke mara mbili, na muamala mmoja wa benki uache bila risiti. Mpe msailiwa saa moja aoanishe. Anayekuletea jumla nzuri bila kuuliza chochote, muogope. Anayekuja na risiti mbili mkononi akisema "bosi, hizi ni moja", mshikilie.

Kuna jambo moja ambalo hesabu hii hailigusi, nalo mjini kwetu ni zito. Ukitangaza nafasi, kabla ya jioni mtoto wa shangazi ameshaletwa, na jirani wa Shangani amemkumbusha mumeo wema wa mwaka juzi. Wapo wanaomlipa wakala ili akatae kwa niaba yao, na siwalaumu. Lakini ngao hiyo inapatikana kwa bei nafuu: mwombe mhasibu mstaafu asiye wa ukoo wenu akae kwenye usaili siku moja, mlipe posho, na alama zake ziandikwe kabla yako. Shangazi akiuliza, alama zipo.

Kwa fundi wa boila, hesabu inageuka. VETA Mtwara inatoa mafundi umeme na mitambo, lakini mtu aliyekwisha kukaa na boila inayofanya kazi, anayejua kupima maji yake na kusikia vali ya usalama kabla haijalia, hayuko kila mtaa. Wenye ujuzi huo mara nyingi wako kazini tayari, hawasomi matangazo. Kumfikia mtu wa namna hiyo ndiyo kazi halisi ya wakala.

Mshahara tuseme 1,200,000. Ada ya asilimia 12 pamoja na kodi ni karibu 2,040,000. Toa saa 20 utakazookoa, 380,000, na 180,000 za matangazo. Inabaki 1,480,000 ya kutafutiwa sababu. Sababu ni mtambo kulala. Bila fundi, korosho haipikwi kwa mvuke kila siku, wabanguaji wanakaa, na kiwanda kinapoteza tuseme 400,000 kwa wiki. Gawanya: ada ya wakala inajirudisha akimleta fundi mapema kwa wiki nne hivi kuliko wewe ungempata. Akikuokolea wiki mbili tu, umepata hasara. Kwa hiyo kwa nafasi hii usibishane naye sana kuhusu asilimia. Bishana kuhusu siku. Muulize ni mafundi wangapi wa mitambo aliowaweka nje ya Dar es Salaam mwaka uliopita, na ni wangapi bado wapo kazini. Akianza kuzungumzia "hazina kubwa ya watu" bila kutaja hata kiwanda kimoja, atafanya kile kile ambacho ungefanya wewe: ataweka tangazo mtandaoni.

Ukikubaliana naye, soma sehemu tatu za mkataba kabla ya kusaini.

Kwanza ni dhamana ya mbadala, kwa sababu hapo ndipo nimeona fedha nyingi zikipotea. Wakala huahidi kuleta mtu mwingine bure huyu akiondoka ndani ya miezi mitatu. Wewe umemwandikia fundi miezi sita ya majaribio. Anayetoka Dar es Salaam anavumilia, mke na watoto wamebaki Mbagala, na mwezi wa nne anaaga. Dhamana imekwisha, ada imeenda, boila imezimwa. Omba dhamana iwe na urefu sawa na majaribio. Akigoma, mgawie ada: nusu siku ya kuanza kazi, nusu majaribio yakiisha. Na uandikwe muda ambao huyo mbadala atapatikana, maana "tutaleta mwingine" bila tarehe si dhamana.

Pili ni watu unaowajua tayari. Mikataba mingi inasema mtu yeyote aliyepelekwa na wakala ukimwajiri ndani ya miezi kadhaa, ada inadaiwa. Mji wetu ni mdogo. Wakala anaweza kukuletea wasifu wa kijana aliyeacha barua yake kwenye kabati lako tangu mwaka jana, na ukamlipia. Kabla ya kusaini, mkabidhi orodha ya waliokwisha kuomba kwako, iwe na tarehe na sahihi zenu wote wawili.

Tatu ni nani anamtoza nani. Wakala binafsi anatakiwa kuwa na leseni chini ya Sheria ya Taifa ya Kukuza Huduma za Ajira ya mwaka 1999, na hatakiwi kumtoza mtafuta kazi. Ukisikia msailiwa ameombwa "hela ya fomu" au "ya kushughulikia", acha hapo hapo. Mbali na sheria, atakuletea aliyelipa, si anayejua boila. Vilevile kanuni za mwaka 2014 zilikataza wakala kuwa mwajiri wa watu anaowapeleka kwa wengine. Mkataba wa ajira uwe kati yako na fundi, na michango yake ya NSSF uipeleke wewe.

Usisahau pia huduma ya ajira ya Serikali, TaESA. Haichukui fedha kwa watafuta kazi, na kusajili nafasi yako huko hakukuzuii kuendelea na njia nyingine. Kwa mhasibu ningeanzia hapo na kwenye vyuo viwili nilivyovitaja, kwa wiki tatu. Kwa fundi wa boila, ningempigia wakala siku ile ile fundi wa zamani anapoleta barua ya kuacha kazi, kwa sababu zile siku 28 za notisi ndizo wiki nne unazozitafuta.