Windows ofisini inagoma kuaktivetiwa na seva ipo hewani

"Seva ya KMS ipo, tukiiping inajibu, mbona kompyuta za ofisi bado zinasema Windows haijaaktivetiwa?"

Angalia kwanza namba ya kosa, maana hapo kuna matatizo mawili tofauti na watu wengi wanayachanganya. Chukua ofisi yenye makao Mtwara mjini na tawi dogo Lindi, kompyuta 30 za Windows kwa jumla, seva ya KMS, yaani seva ya ofisi inayoaktiveti Windows za kompyuta zenu, ikiwa Mtwara.

Za Lindi zinaleta 0x8007232B. Hizo hata seva hazijaiona. Klayenti haijui seva iko wapi, inauliza DNS rekodi ya SRV inayoitwa _vlmcs, inajibiwa jina la seva na poti 1688, ndo inaenda kugonga. Sasa tawi la Lindi linachukua DNS kutoka kwenye ruta ya kampuni ya intaneti, na hiyo ruta haijui chochote kuhusu domeni yenu, kwa hiyo ping ya namba ya IP inapita vizuri tu lakini rekodi haipatikani. Pima kwenye klayenti yenyewe (weka domeni yenu):

```
nslookup -type=srv _vlmcs._tcp.ofisi.local
```

Ikirudi patupu, badilisha DHCP ya tawi itoe DNS ya ofisi. Kuna watu wanakimbilia `slmgr /skms` kuandika jina la seva kwa mkono, inafanya kazi, ila siku ukihamisha seva utazungukia mashine moja moja.

Za Mtwara zinaleta 0xC004F038, yaani seva imeonekana ila haijafikisha idadi. KMS ni kama Hiace ya Lindi pale stendi, haiondoki mpaka ijae: mashine 25 tofauti ndo ianze kuaktiveti Windows za kawaida, 5 kwa Windows Server au Office. Utasema mbona tunazo 30? Nenda kwenye seva, andika `slmgr /dlv`, soma Current count. Ukikuta 1 au 2 na mashine zote zimeshagonga, basi fundi alikloni diski moja akaimwaga kote bila kupitisha sysprep, zote zina CMID moja, yaani kitambulisho cha klayenti kwa KMS, na seva inaona ni mashine ileile inarudi rudi.

Dawa ni hii kwenye kila kloni, kwa admini:

```
slmgr /rearm
```

Halafu ristati, ndo upige `slmgr /ato`. Rearm ina idadi maalum kwa kila mashine, usiipige ovyo. Zile 24 za mwanzo zitaendelea kuleta kosa lilelile, usishtuke, zinahesabiwa hivyohivyo, ya 25 ndo inapita na zilizobaki zinajaribu tena zenyewe kila masaa 2.

Na kama ofisi ina kompyuta 12 tu, hapo KMS haitawahi kufika, ombeni kii za MAK, hizo zinaaktiveti kila mashine moja kwa moja kwa Microsoft bila seva ya KMS.