Joto, kuharisha na daftari la mama: dhana tano kabla ya kliniki

Dhana: Daktari atajionea mwenyewe, mimi nimlete tu mtoto.

Anachokiona daktari ni mtoto wa saa ile. Jana na juzi anazipata kwako. Tuseme mtoto wa miezi minane, kilo nane, anaishi Nyalenda, Kisumu. Ukisema "anaumwa tangu jana", hujampa la kushika. Daftari lenye saa linasoma hivi:

Jumanne saa mbili usiku: mwili moto, kipimajoto cha kwapani 38.6. Saa mbili na nusu: parasetamoli mililita 5. Saa tano: 37.4, akalala.
Jumatano saa kumi na moja alfajiri: aliharisha maji matupu, bila damu. Mpaka saa sita mchana ameharisha mara nne.
Saa tatu asubuhi: alitapika mara moja, baada ya uji.
Saa saba mchana: 38.9. Tunaondoka kwenda kliniki.

Sasa daktari anajua kwamba joto lilitangulia kuharisha, na kwamba lilishuka kwa dawa kisha likarudi. Swali la damu na la siku ni zito kuliko linavyosikika: choo chenye damu kina matibabu yake, na kuharisha kwa siku 14 au zaidi hushughulikiwa kwa njia tofauti na kulikoanza leo. Hesabu siku tangu choo cha kwanza cha maji, si tangu ulipoanza kuingiwa na wasiwasi.

Dhana: Usimpe dawa ya kushusha joto, la sivyo daktari hataamini kwamba alikuwa na homa.

Ukiwa na kipimo na saa, utaaminiwa. Mtoto huyu hana sababu ya kuungua njiani. Kinachopotosha ni dawa isiyotajwa, au iliyotajwa kwa "kijiko". Vijiko vya jikoni havilingani, na dawa zenyewe hutofautiana: sharubati ya kawaida ina miligramu 120 katika kila mililita 5, ilhali matone ya watoto wachanga huwa makali zaidi kwa kila mililita. Kwa kilo nane, mililita 5 za sharubati hiyo tayari ni kipimo cha juu cha mara moja. Beba chupa yenyewe. Andika pia kama alitapika baada ya dawa na zilikuwa zimepita dakika ngapi, kwa sababu dawa iliyotoka ndani ya nusu saa huhesabiwa kama haikuingia.

Dhana: Malaria ya mwezi uliopita imepita, haina haja ya kutajwa.

Hapa ndipo watu wa ukanda wa ziwa hupoteza habari muhimu kuliko zote. Kipimo cha haraka cha kidole kinachotumika sana hutafuta protini ya vimelea, na protini hiyo hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa hata vimelea vikishakufa. Mtoto aliyemaliza dawa ya malaria wiki mbili zilizopita anaweza kuonyesha mistari miwili leo huku homa inatokana na kitu kingine. Daktari akijua, ataomba damu itazamwe kwa darubini. Andika jina la dawa, siku iliyoanza, na kama dozi zote ziliisha, hata kama ilinunuliwa duka la dawa bila kupimwa. Dawa za mitishamba nazo zitajwe bila aibu.

Dhana: "Ananyonya vizuri" inatosha.

Vizuri ni mara ngapi? Hesabu ya saa 24, kabla ya ugonjwa na sasa: alikuwa ananyonya mara nane, leo mara nne, kila mara anaachia baada ya dakika mbili. Kama anatumia maziwa ya kopo, sema vijiko vingapi vya kopo kwa mililita ngapi za maji. Maji yakizidi anakosa lishe, yakipungua chumvi humzidi mwilini, jambo la hatari hasa akiwa anaharisha. Hesabu pia nepi zenye mkojo, na saa ya ile ya mwisho. Kama mchana alibaki na nyanya au dada wa kazi, waulize kabla ya kuondoka: wao ndio waliomlisha.

Dhana: Kwanza daftari likamilike.

La. Degedege, kutapika kila kitu, kushindwa kunyonya, au kulegea bila kuamka: nenda saa hiyo hiyo, maelezo utayatoa kwa mdomo. Mtoto wa chini ya miezi miwili mwenye joto la 37.5 au zaidi pia hangoji.

Mengine ni ya haraka: Kijitabu cha Mama na Mtoto, chenye chanjo na uzito wa mwisho, kiwe mkobani. Maswali yaandikwe juu ya ukurasa, kwa kuwa foleni huyafuta kichwani. Kwa mtoto huyu yanatosha matatu: nichanganye pakiti ya chumvi ya kuzuia upungufu wa maji na maji kiasi gani, nimpe zinki kwa siku ngapi, na nione nini ndipo nimrudishe kabla ya tarehe niliyopewa?